Pesa ni nini hasa, na je, Bitcoin ni pesa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitu huwa pesa kwa sababu gani?

Tulifundishwa shuleni kwamba pesa ina kazi tatu: kubadilishana bidhaa, kupima thamani na kuhifadhi thamani. Orodha hiyo si mbaya, ila humfanya mtu adhani kazi zote tatu zina uzito sawa. Hazina. Kiwanja huhifadhi thamani na ng'ombe huhifadhi thamani, lakini hakuna anayeviita pesa. Peremende nazo zimelipa chenji kwenye maduka mengi, na bado ni peremende, kwa sababu mwenye duka aliyekupa mbili badala ya shilingi mia hatazipokea ukimrudishia kesho.

Kuna maswali mawili yanayotenganisha pesa na vitu vingine vyenye thamani. La kwanza: je, ninayempa atakipokea kwa sababu ana hakika kwamba na yeye ataweza kumpa mwingine? La pili, na hili ndilo gumu: bei na madeni ya mahali hapo yameandikwa kwa kipimo gani?

Waliowahi kupanga nyumba Masaki au Oysterbay jijini Dar es Salaam wanalijua hili la pili bila kusoma uchumi. Kwa miaka mingi kodi ya nyumba ilitajwa kwa dola, na mpangaji akalipa kwa shilingi kwa kiwango cha siku ile. Kilichotoka mfukoni kilikuwa shilingi, lakini kilichopima kilikuwa dola. Shilingi ikishuka, mpangaji ndiye aliyeumia. Serikali ya Tanzania iliona jambo hilo ni zito kiasi cha kutoa kanuni, mwezi Machi 2025, za kukataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Hakuna serikali inayohangaika hivyo kwa ajili ya peremende.

Lakini si lazima kuwe na dhahabu nyuma yake?

Hapana. Marekani iliacha kuwabadilishia mataifa mengine dola kwa dhahabu mwaka 1971, na dola haikufa. Noti uliyonayo sasa haikupi haki ya kwenda Benki Kuu kudai kipande cha kitu kingine chochote. Kwa hiyo anayesema "Bitcoin haina kitu nyuma yake, basi si pesa" ametumia hoja ambayo ingeiangusha shilingi pia. Kama Bitcoin inashindwa mtihani, inashindwa mahali pengine.

Basi mtoaji ni lazima awepo? Pesa inaweza kuishi bila benki kuu?

Inaweza, na mfano bora uko jirani. Januari 1991 utawala wa Siad Barre ulianguka Mogadishu. Serikali ikatoweka, na Benki Kuu ya Somalia ikafungwa. Kwa nadharia nyingi za vitabuni, shilingi ya Somalia ilipaswa kugeuka karatasi za kufungia karanga ndani ya wiki chache. Hakukuwa na aliyeitoa, hakukuwa na sheria ya kumlazimisha mtu aipokee, na hakukuwa na ofisi ya kodi ya kuidai.

Haikufa. Muuza maziwa aliendelea kuipokea kwa sababu alijua muuza nyama ataipokea, na muuza nyama alijua hivyo hivyo kuhusu muuza sukari. Bei zilikuwa zimeshaandikwa kwa shilingi, watu walikuwa wamezizoea, na kuanza kipimo kipya katikati ya vita kungekuwa kazi kubwa kuliko kuendelea na kile kilichokuwepo. Wabadilishaji fedha wa soko la Bakaara wakaendelea kutaja kiwango chake kwa dola kila siku, kana kwamba benki iko wazi.

Kilichokosekana ni mlinzi wa idadi. Wababe wa vita na wafanyabiashara wakagundua kwamba wanaweza kuagiza noti za shilingi 1,000 kutoka viwanda vya uchapishaji nje ya nchi na kuzileta kwa makontena. Watu sokoni walijua. Wakazipokea hizo hizo, kwa sababu zilifanana na za zamani na jirani naye alizipokea. Miaka mingi baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu noti zote za shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu, asilimia 98 hivi, zilikuwa bandia.

Sasa angalia zilikoishia, maana hapa ndipo penye somo. Thamani ya ile noti ya 1,000 ilishuka hadi ikawa senti chache tu za dola, karibu sawa na gharama ya karatasi, wino na usafiri. Hapo ikatulia. Ilipofika kiasi hicho, kuchapa noti nyingine hakukuwa na faida tena, na wachapaji wakapunguza kasi wenyewe. Shilingi ya Somalia ilibaki pesa ya kununulia vitu vidogo, huku mambo makubwa yakihamia kwenye dola na baadaye kwenye pesa za simu zinazohesabiwa kwa dola.

Kwa hiyo, kukosa mtoaji peke yake hakukiondoi kitu kwenye mtihani wa kuwa pesa. Kunakiachia tatizo moja mahususi: nani atazuia kopi?

Na Bitcoin imelijibuje swali hilo la kopi?

Vizuri sana, kwa maoni yangu. Hili ndilo jambo lililo jipya kabisa ndani yake, na wanaoibeza kwa jumla huliruka.

Faili la kompyuta ni rahisi kunakili kuliko noti. Ukinitumia picha, inabaki kwako na kwangu. Mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alichapisha suluhisho lake tarehe 31 Oktoba 2008, na mtandao ukaanza Januari 2009. Wazo lake ni kwamba usiwe na sarafu za kushikika kabisa, ila daftari moja la miamala, na nakala yake iwe kwenye maelfu ya kompyuta za watu wasiojuana. Ukitaka kutuma, unatia saini kwa ufunguo wa siri ambao ni wewe tu unao. Kompyuta nyingine zinakagua kama saini ni sahihi na kama kiasi hicho hukukitumia tayari mahali pengine.

Miamala iliyokaguliwa hukusanywa kwenye bloku, na kuongeza bloku kwenye daftari hugombaniwa. Wachimbaji, kama wanavyoitwa, hukimbizana kutafuta namba inayotimiza sharti la hesabu. Hakuna njia ya mkato ya kuipata, ni kujaribu tu mara nyingi mno, kwa umeme mwingi. Anayeipata anaongeza bloku na kulipwa Bitcoin mpya. Kwa wastani bloku moja hutoka kila dakika 10. Wachimbaji wakiongezeka na bloku zikaanza kutoka haraka, mtandao wenyewe hukaza sharti hilo kila baada ya bloku 2,016, yaani karibu kila wiki mbili. Malipo yalianza na Bitcoin 50 kwa bloku na hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Ukijumlisha mfululizo huo hadi mwisho, hazitazidi milioni 21.

Linganisha na Somalia. Kule, aliyetaka kuchapa alihitaji pesa za kiwanda tu, na noti yake ikakubalika. Huku, anayetaka kujiongezea Bitcoin nje ya kanuni atakataliwa na kila kompyuta inayokagua, hata awe mchimbaji mkubwa kiasi gani.

Kwa hiyo hakuna binadamu hata mmoja anayeisimamia? Kanuni haibadiliki?

Hapo wapenzi wa Bitcoin hutia chumvi. Tarehe 15 Agosti 2010, kwenye bloku namba 74638, mtu alitumia kosa la hesabu ndani ya programu na kujitengenezea zaidi ya Bitcoin bilioni 184. Ndiyo, bilioni, kwenye mfumo unaotakiwa kuishia milioni 21. Ndani ya saa chache waandishi wa programu walitoa toleo lililorekebishwa, waendeshaji wa kompyuta wakaliweka, na tawi la daftari lenye muamala ule likaachwa likafa.

Ukisoma tukio hilo kwa makini utaona mambo mawili. Kikomo kile kimeandikwa na watu, na watu ndio waliokirudisha kilipovunjika. Lakini pia hakuna mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuamuru. Ilibidi wengi wakubali kubadilisha programu zao. Leo wanaoiendesha ni wengi kuliko wakati ule na wana mengi ya kupoteza, kwa hiyo kuwashawishi waongeze idadi ni kama kuwaomba wenye viwanja wote wa mtaa wakubali kukatwa mita tano bila fidia. Kinadharia inawezekana.

Basi imefaulu. Kwa nini usiiite pesa tu?

Kwa sababu imefaulu swali la kopi, na lile la bei na madeni bado liko palepale.

Chukua mkopo, maana deni ndilo linalopima pesa kwa ukali zaidi. Tuseme Novemba 2022 rafiki yako alikukopesha Bitcoin 0.02, bila riba, urudishe hiyo hiyo 0.02 baada ya miaka miwili. Bei wakati ule ilikuwa kama dola 16,000 kwa Bitcoin moja, kwa hiyo ulipokea thamani ya dola 320. Kwa kiwango cha siku zile ni kama shilingi 39,000 za Kenya. Ukaongeza mtaji wa duka lako la vipodozi, biashara ikaenda vizuri. Desemba 2024 rafiki anadai chake. Bei imefika dola 100,000. Ile 0.02 sasa ni dola 2,000, yaani karibu shilingi 258,000. Rafiki hakukutoza riba, wewe hukuchelewa, duka halikufilisika, na bado unatakiwa kurudisha zaidi ya mara sita ya ulichopokea.

Igeuze sasa. Mkopo ule ule ungetolewa Novemba 2021, Bitcoin ilipokuwa juu ya dola 60,000, na kurudishwa baada ya mwaka mmoja, mkopeshaji angepata chini ya theluthi ya alichotoa. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusaini mkataba wa namna hiyo kwa ajili ya pango, mshahara au karo, awe mdai au mdaiwa. Ndiyo maana hata maduka yanayojitangaza kwamba yanapokea Bitcoin huweka bei kwa shilingi, dola au yuro. Mashine hukokotoa kiasi cha Bitcoin dakika ile ya kulipa, na dakika kumi baadaye kiasi ni kingine. Bitcoin inalipa, lakini haipimi. Iko kwenye nafasi ya ile shilingi ya Masaki, tofauti yake ni kwamba hakuna mtaa ambako yenyewe ndiyo dola.

Si itatulia ikishaenea zaidi?

Huenda ikatulia kiasi. Mimi sitegemei itulie vya kutosha, na sababu ni ile ile inayoipa sifa.

Benki kuu, ikiwa inafanya kazi yake, huongeza fedha watu wanapozihitaji kwa wingi na kuzipunguza zinapozidi. Hufanya hivyo kwa makosa mengi, na mara nyingine kwa makusudi mabaya, lakini nia ni mabadiliko ya mahitaji yasiangukie yote kwenye thamani ya fedha. Kwenye Bitcoin idadi haisikilizi mtu. Watu wakiitaka kwa wingi, hazitatoka nyingi zaidi mwezi huo, kwa hiyo bei hupanda. Wakiikimbia, hakuna wa kuzikusanya, na bei huporomoka. Kila badiliko la hamu ya watu duniani huishia kwenye bei, na hamu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanaotarajia ipande, si ya wanaotaka kununua unga.

Kuna msomaji atakayeuliza habari za Wakurdi wa kaskazini mwa Irak, na ana haki. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991, serikali ya Saddam Hussein ilianza kuchapa dinari mpya duni na kuzifuta za zamani. Wakurdi wakabaki na zile za zamani, zilizoitwa dinari za Uswisi. Hazikuwa na mtoaji, hakuna aliyeongeza hata moja, na zikachakaa mikononi mwao kwa miaka kumi. Bado zilitumika kununulia mkate na kulipia mishahara. Mwishoni, kwenye ubadilishaji wa 2003 na 2004, dinari moja ya zamani ilipewa dinari mpya 150.

Kwa hiyo idadi isiyoongezeka haizuii kitu kuwa kipimo, ikiwa bei za mji mzima zilikuwa zimeshaandikwa kwacho kabla mtoaji hajaondoka. Dinari ya Uswisi ilirithi bei, na shilingi ya Somalia ilirithi bei. Bitcoin ilizaliwa bila bei hata moja. Mwezi Mei 2010 mtu alilipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili, na hata piza zile zenyewe zilinunuliwa dukani kwa dola, na kijana aliyekubali kupokea Bitcoin hizo.

Serikali ikiitangaza kuwa fedha halali, je, haitazipata hizo bei?

El Salvador ilijaribu, kwa hiyo hatuhitaji kubahatisha. Nchi hiyo haina sarafu yake tangu ilipohamia kwenye dola ya Marekani mwaka 2001. Tarehe 7 Septemba 2021 sheria yake ya Bitcoin ilianza kutumika. Kifungu cha 7 kilimtaka kila mfanyabiashara apokee Bitcoin mteja akiitoa. Kodi za serikali ziliruhusiwa kulipwa kwayo. Serikali ikatoa pochi ya simu iitwayo Chivo, ikampa kila raia aliyejisajili Bitcoin za thamani ya dola 30, na ikatenga mfuko wa dola milioni 150 ili mfanyabiashara asiyetaka kubaki na Bitcoin abadilishiwe papo hapo. Ni vigumu kufikiria msukumo mkubwa kuliko huo.

Watu walipakua pochi, wakatumia zile dola 30, na wengi hawakurudi. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wasalvador walioko Marekani, ambazo ndizo zilizotajwa sana kama sababu ya mpango wote, ziliendelea kupita njia za zamani. Kilichopita kwenye pochi za sarafu za kidijitali kilikuwa kama asilimia moja au mbili tu.

Mimi huvutiwa zaidi na kifungu cha 6 cha sheria ile ile. Kilisema kwamba kwa ajili ya mahesabu, kipimo kitakuwa dola. Yaani hata waliotunga sheria ya kuifanya Bitcoin kuwa fedha halali walijua vitabu vya hesabu havitaandikika kwayo. Mfuko wa milioni 150 nao ulikuwa na maana hiyo hiyo: ulikuwepo ili mwenye duka alipwe Bitcoin bila kuibeba.

Desemba 2024 El Salvador ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, na Januari 2025 bunge likarekebisha sheria. Kupokea Bitcoin kukawa hiari, na kodi hazilipwi kwayo tena. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliitangaza fedha halali mwaka 2022 na kuachana nayo mwaka uliofuata.

Kwa hiyo serikali haina uwezo wowote katika kuunda pesa?

Inao, hasa kupitia kodi. Uganda ya zamani ilitumia kauri kwa biashara kubwa na ndogo, na hazikuwa na mtoaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliacha kupokea kauri kwenye kodi, ikataka rupia. Kila kaya ikalazimika kutafuta rupia, na kauri ikapoteza kazi haraka. Lakini nguvu hiyo hufanya kazi pale serikali inapodai kitu. El Salvador haikudai Bitcoin, iliiruhusu tu, na aliyekuwa na dola aliendelea kulipa kwa dola.

Tanzania na Kenya zimeendelea kuzihesabu sarafu hizi kama mali. Tanzania iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yanayotokana na mali za kidijitali mwaka 2024, na Kenya ilipitisha sheria ya kusimamia watoa huduma zake mwaka 2025. Kodi yenyewe, kote kuwili, hulipwa kwa shilingi.

M-Pesa nayo si sarafu ya kidijitali?

Ni shilingi. Salio lako ni deni ambalo wewe unaudai mfumo, na shilingi zinazolingana nalo ziko benki kwenye akaunti ya udhamini. Simu ni njia ya kuzihamisha tu. Tofauti inaonekana ukikosea namba: kuna wa kumpigia, na muamala unaweza kurudishwa. Ukikosea anwani ya Bitcoin hakuna dawati la huduma kwa wateja popote duniani.

Na USDT? Inatumika sana kuliko Bitcoin huku kwetu.

Ni kweli, hasa kwa waagizaji bidhaa na wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa nje. Lakini iangalie vizuri: USDT ina mtoaji, kampuni ya Tether, inayoahidi dola moja kwa kila sarafu na inayoweza kufunga anwani yako ikitaka. Haimo kwenye swali la ukurasa huu. Kipimo ni dola, na sarafu ni gari tu la kuibebea.

Ubora wake ni ubora wa ahadi ya mtoaji. Machi 2023 sarafu mwenzake, USDC, ilishuka kwa muda mfupi hadi chini ya senti 90 baada ya kujulikana kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yake zimekwama kwenye Benki ya Silicon Valley iliyofilisika. Ilirudi pale serikali ya Marekani ilipowahakikishia wateja wa benki hiyo amana zao. Inafundisha kidogo kwamba sarafu iliyouzwa kama njia ya kuzikwepa benki iliokolewa na serikali kupitia benki.

Kuenea kwake kunaniambia jambo kuhusu Bitcoin pia. Watu walipopata nafasi ya kuchagua kati ya sarafu isiyo na mtoaji na dola yenye mtoaji, zote zikitumwa kwa simu ile ile, kwa malipo ya kazi wengi walichagua dola.

Walau ni hifadhi ya thamani, sivyo?

Inategemea utaihitaji lini. Aliyenunua mwishoni mwa 2022 na kuuza mwishoni mwa 2024 alizidisha pesa yake karibu mara sita. Aliyenunua karibu na kilele cha Novemba 2021, kwenye dola 69,000, na kuugua mwishoni mwa mwaka uliofuata akalazimika kuuza, aliokota chini ya robo. Wote wawili walikuwa na kitu kile kile chenye kikomo cha milioni 21. Kwa anayeweza kusubiri miaka bila kuigusa, ni mali yenye hatari kubwa ambayo imewalipa wengi. Akiba ya dharura, ambayo kazi yake ni kuwepo siku usiyoichagua, ni jambo jingine.

Ningeongeza tahadhari moja kuhusu ufunguo wa siri. Ukipotea, Bitcoin zako zinabaki kwenye daftari, kila mtu anaziona, na hakuna atakayezisogeza, hata mrithi wako.

Mteja wa nje anataka kunilipa kwa Bitcoin. Nikubali?

Ukikubali, ichukue kama njia ya kusafirishia malipo. Kwenye mkataba andika bei kwa dola au shilingi, na sema kiasi cha Bitcoin kitakokotolewa kwa bei ya soko siku ya kulipa, mkitaja mtaiangalia wapi. Mpe anwani kwa kunakili na kubandika, kisha linganisha herufi za mwanzo na za mwisho kabla hajatuma.

Akituma, pochi itaonyesha muamala karibu mara moja, lakini wakati huo bado uko foleni. Usikabidhi kazi kwa ajili ya picha ya skrini. Subiri uingie kwenye bloku. Kwa kiasi kidogo bloku moja huwatosha wengi, na kwa kiasi kikubwa desturi ni kusubiri bloku sita, kama saa moja. Mkubaliane pia nani atabeba ada, kwa sababu haitegemei kiasi unachotuma bali msongamano wa mtandao. Siku za kawaida ni ndogo, ila tarehe 20 Aprili 2024, siku ya kukatwa nusu kwa malipo ya wachimbaji, wastani wake ulipita dola 100 kwa muamala mmoja, na aliyekuwa anadai dola 60 hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Ikishafika, badilisha siku ile ile kiasi chote utakachohitaji kwa pango, mishahara na karo. Kisha weka kwenye kumbukumbu namba ya muamala, tarehe, na bei iliyotumika, kwa shilingi, kwa sababu hesabu zako za kodi zitaandikwa kwa shilingi.